Taifodi ya Tabata na hesabu ya Mchungaji Bayes

Hapa Dar es Salaam, kuanzia Tabata Relini hadi Segerea, muulize mtu ambaye hakuonekana kazini juzi alikuwa anaumwa nini. Mara nyingi atakujibu: "Nimekutwa na taifodi." Wengine huchanganya na UTI, wengine na malaria, na wapo wanaokutwa na zote tatu kwa mkupuo mmoja. Karatasi ya majibu huwa ni kipande kidogo chenye mhuri wa zahanati. Ina mistari miwili, S. Typhi O na S. Typhi H, na mbele ya kila mmoja imeandikwa kwa kalamu 1:80 au 1:160, pengine na alama ya kujumlisha. Mgonjwa anaipeleka kwa daktari, anatoka na dozi ya sipro, na baada ya siku tatu au nne homa imekwisha. Nani atabisha kwamba haikuwa taifodi?

Mimi nabisha, ingawa sibishi kwa wote. Kuna wenye taifodi kweli katika mji huu. Ni ugonjwa mbaya, na ukiachwa bila dawa unaweza kutoboa utumbo. Ninachotaka kujua ni kitu ambacho karatasi ile haikisemi: kati ya watu mia moja waliopewa majibu ya namna hiyo, wangapi wana taifodi kweli? Jibu la swali hilo halimo ndani ya kipimo peke yake, na ndiyo maana linawapiga chenga hata watu waliosoma.

Kipimo chenyewe kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na bakteria huyo. Katika zahanati nyingi hufanyika kwa njia ya kadi au kigae cheupe. Fundi maabara anatenga majimaji ya damu, anadondosha tone moja, na pembeni yake anadondosha tone la dawa yenye bakteria waliouawa. Anavichanganya kwa kijiti, kisha anaizungusha kadi taratibu mkononi kwa dakika moja hivi huku akiitazama kwenye mwanga. Mchanganyiko ukibaki laini kama maziwa, hasi. Ukikatika ukafanya chengachenga kama maziwa yaliyoganda, chanya. Chenga ndogo sana ni chanya au hasi? Hapo ni jicho la fundi, na jicho la saa nne asubuhi haliko sawa na la saa kumi jioni baada ya foleni nzima.

Kuna njia ya pili, ya mirija, ambayo ni makini zaidi. Majimaji ya damu yanazimuliwa hatua kwa hatua, sehemu moja kwa ishirini, kwa arobaini, kwa themanini na kuendelea, kisha mirija inaachwa kwenye joto la mwili kwa saa nyingi kabla ya kusomwa. Hiyo 1:80 ya kwenye karatasi maana yake ni kwamba damu iliyozimuliwa mara themanini bado ilikuwa na kingamwili za kutosha kufanya chenga. Kwa njia ya kadi, namba hiyo mara nyingi ni makadirio.

Bahati nzuri Watanzania tumepimiwa kipimo hiki hapahapa nchini. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto waliolazwa wakiwa na homa katika hospitali ya Muheza mkoani Tanga, ile inayoitwa Teule. Watoto 1,680 walichukuliwa damu. Sehemu moja ya damu ilipimwa Widal kwa njia ya mirija, na nyingine ikaoteshwa maabara ili kuona kama bakteria wa taifodi watajitokeza wenyewe. Kuotesha damu ndiko kunakohesabiwa kuwa ushahidi, kwa sababu hapo unamwona mdudu mwenyewe.

Walioota bakteria wa taifodi walikuwa watoto 16, yaani mmoja kati ya mia.

Widal nayo haikufanya vibaya. Kwa kipimo cha 1:80, iliwanasa asilimia 75 ya watoto waliokuwa na taifodi, na kati ya wasio nayo, iliwaachia huru asilimia 98. Asilimia 98! Ukimwambia mtu yeyote kwenye daladala kwamba kipimo kinakosea mara mbili tu katika kila watu mia wasio wagonjwa, halafu umuulize kama angekiamini kikisema chanya, atakuambia kwa nini asikiamini.

Sasa tuhesabu vichwa. Katika wale 16 wenye taifodi, asilimia 75 ni watoto 12. Hao walipata chanya ya kweli. Waliobaki ni 1,664 wasio na taifodi, na asilimia mbili yao ni kama watoto 33. Hao nao walipata chanya, lakini ya uongo. Kwa hiyo karatasi zenye chanya zilikuwa 45 hivi, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizosema kweli. Ni kama robo, na watafiti wenyewe waliandika asilimia 26. Watoto watatu katika kila wanne walioambiwa wana taifodi hawakuwa nayo, kwa kipimo ambacho ukikisoma kwenye makaratasi kinaonekana kizuri.

Hakuna ujanja uliofanyika hapo. Chanya za uongo zilikuwa nyingi kuliko za kweli kwa sababu wasio na taifodi walikuwa wengi kupita kiasi. Asilimia mbili ya umati mkubwa inazidi asilimia sabini na tano ya kikundi kidogo. Ukilielewa hilo, umeielewa kanuni ya Bayes.

Thomas Bayes alikuwa mchungaji Mwingereza wa karne ya 18 katika mji wa Tunbridge Wells. Alifariki mwaka 1761 bila kuichapisha hesabu yake. Rafiki yake Richard Price ndiye aliyeipata kwenye makaratasi aliyoyaacha, akaitoa mwaka 1763. Mfaransa Laplace akaja kuikuza na kuipa sura tuliyoizoea leo. Kwa wanaopenda kuiona ilivyoandikwa, tuseme T ni kuwa na taifodi na C ni kupata chanya:

```
P(T|C) = P(C|T) × P(T) / P(C)

P(T|C) = 0.75 × 0.0095 / (0.75 × 0.0095 + 0.02 × 0.9905)
       = 0.26
```

Upande wa kushoto ni kile anachotaka kujua mgonjwa: ikiwa nimepata chanya, kuna uwezekano gani kwamba nina taifodi? Upande wa kulia kuna P(C|T), kile ambacho muuza kipimo hukitangaza: ikiwa mtu ana taifodi, kuna uwezekano gani wa kupata chanya? Ni maswali mawili yaliyogeuziana mgongo, na sisi huyachukulia kuwa ni moja. Kinachoyaunganisha ni P(T), wingi wa ugonjwa kati ya watu waliopimwa kabla hujachukua hata tone moja la damu. Kwa Muheza ni 16 kati ya 1,680, ndiyo ile 0.0095.

Ipo njia nyepesi ya kufanya hesabu hiyohiyo bila kalamu, nayo ndiyo ningependa kila tabibu aiweke kichwani. Anza na uwiano wa wagonjwa kwa wasio wagonjwa. Muheza ulikuwa 16 kwa 1,664, yaani mmoja kwa 104. Kisha tafuta nguvu ya kipimo: asilimia ya wagonjwa wanaopata chanya, igawe kwa asilimia ya wazima wanaopata chanya. Kwa Widal ya Muheza ni 75 kugawa kwa 2, sawa na 37.5. Zidisha. Uwiano wa mmoja kwa 104 unakuwa 37.5 kwa 104, na hiyo ni asilimia 26 na kidogo. Kipimo kimefanya kazi kubwa kweli. Kimempandisha mgonjwa kutoka asilimia moja hadi ishirini na sita. Ila kilianzia mbali sana.

Turudi Tabata. Hapa hatuna watoto waliolazwa Muheza, tuna watu wa kila umri wanaoingia zahanati wakiwa na homa, kichwa kinauma, mwili umechoka. Wangapi kati yao wana taifodi? Namba ya karibu ninayoiamini inatoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa waliofika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara. Watafiti waliwapima kwa kila njia waliyoweza. Wengi, zaidi ya nusu, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ya hayo ni virusi. Malaria ilikuwa asilimia 10 na nusu. Taifodi, asilimia 3.7.

Chukua basi wagonjwa 1,000 wa homa, 37 kati yao wakiwa na taifodi. Tukiwapima wote kwa Widal yenye ubora wa Muheza, tutawanasa 28 kati ya 37, na tutawasingizia 19 kati ya 963 waliobaki. Karatasi za chanya 47, za kweli 28. Hapo hali ni nzuri zaidi, karibu asilimia 60, kwa sababu tu ugonjwa ulikuwa mwingi kidogo kati ya waliopimwa. Kipimo ni kilekile.

Lakini zahanati ya mtaani haitumii mirija inayosubiri kwa saa nyingi. Inatumia kadi na jicho. Tuseme, kwa mfano tu, kadi inawaachia asilimia 90 ya wasio wagonjwa badala ya 98. Inaonekana ni kushuka kidogo. Sasa wanaosingiziwa si 19 tena, ni 96. Chanya zinafika 124, na za kweli ni zilezile 28. Tumerudi chini ya robo. Tofauti ya pointi nane kwenye jedwali la kipimo imeongeza watu wenye majibu ya uongo mara tano.

Na kadi ina sababu nyingi za kusingizia. Kingamwili za taifodi hazifutiki homa ikiisha. Mtu aliyeugua miaka kadhaa iliyopita, au aliyekutana na bakteria huyo kwenye maji ya kisima bila hata kuumwa kitandani, anaweza kubaki nazo. Aliyechanjwa anaweza kuwa nazo pia. Zipo Salmonella nyingine, binamu za yule wa taifodi, ambazo huuchochea mwili kutengeneza kingamwili zinazofanana. Hata malaria huweza kuitikisa Widal ikatoa chenga. Upande wa pili, mgonjwa wa kweli akija siku ya pili au ya tatu ya homa, mwili wake unaweza kuwa haujatengeneza chochote, kwa kuwa kingamwili huchukua kama wiki hivi kupanda. Kwa hiyo anayepimwa mapema mno anaweza kukosa chanya aliyostahili, na jirani yake mwenye mafua akaipata.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Widal ni takataka, itupwe. Kipimo kinategemea sana nani anapimwa. Fikiria mgonjwa mwingine: homa siku ya nane, inapanda kidogokidogo kila jioni, kipimo cha haraka cha malaria kimesema hasi mara mbili, hakohoi, mkojo hauna tatizo, tumbo linauma, na nyumbani kwao kuna mtu aliyethibitishwa taifodi mwezi uliopita. Tabibu mzoefu akimwona huyo, kabla ya kipimo chochote, anaweza kusema uwezekano ni mmoja kwa wanne, yaani asilimia 20. Zidisha kwa 37.5 ya Muheza: inakuwa 37.5 kwa 4, asilimia 90. Hata ukitumia ile kadi dhaifu, ambayo nguvu yake ni 75 kugawa kwa 10, yaani 7.5, unapata 7.5 kwa 4, asilimia 65. Sasa mtibu, una haki.

Mpeleke kwenye kadi ileile mtu wa homa ya jana, anayepiga chafya, mwenye uwezekano wa mmoja kwa mia. Chanya yake ni 7.5 kwa 100, asilimia saba. Karatasi mbili zenye mhuri mmoja na 1:80 zinazofanana, moja ina maana na nyingine karibu haina. Anayeziona karatasi tu, bila kumwona mgonjwa, hawezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo utaratibu wa "mpime kila kitu kwanza, halafu aje kwangu", ambao vituo vingi vya binafsi hupenda kwa sababu maabara ndiyo inayolipa pango, wenyewe unazalisha chanya za uongo. Fundi maabara anaweza kuwa hodari, dawa zinaweza kuwa hazijapita muda, na bado karatasi nyingi zikawa za uongo. Kosa lilifanyika mlangoni, mgonjwa alipoelekezwa maabara kabla ya mtu kumuuliza homa ilianza lini.

Wengi hudhani dawa ya tatizo hili ni kurudia kipimo. "Nenda kwingine ukapime tena." Ukifuata hesabu kibubusa, inavutia kweli: yule mtoto wa Muheza aliyefika asilimia 26, ukizidisha tena kwa 37.5, anaruka hadi 93. Hesabu hiyo ni batili. Kuzidisha mara mbili kunakubalika pale tu kipimo cha pili kinapokosea kwa sababu zake chenyewe, zisizohusiana na za kile cha kwanza. Kama chanya ilitokana na kingamwili za taifodi ya mwaka juzi, kingamwili hizo zitakuwepo kesho asubuhi pia, na zitakuwepo kwenye zahanati ya Kimanga kama zilivyokuwepo kwenye ile ya Barakuda. Utapata chanya mbili, utaondoka na uhakika zaidi, na hutakuwa umejifunza chochote kipya. Marudio yenye maana kwa Widal ni yale ya zamani ya vitabuni: damu ya leo na damu ya siku kumi hadi kumi na nne baadaye, kisha uangalie kama kiwango kimepanda mara nne au zaidi, mathalani kutoka 1:80 hadi 1:320. Kingamwili za zamani hukaa palepale, za ugonjwa mpya hupanda. Shida ni kwamba mgonjwa wa homa hasubiri wiki mbili.

Nikubali hoja moja ya wanaoitetea Widal, kwa kuwa ni hoja nzito. Kuotesha damu nako hukosa watu. Inakadiriwa kwamba kunanasa kama asilimia 60 tu ya wenye taifodi, kwa sababu bakteria kwenye damu huwa wachache na mara nyingi mgonjwa amekwisha kumeza dawa. Kwa hiyo huenda baadhi ya wale 33 "waliosingiziwa" Muheza walikuwa wagonjwa kweli. Tuwape faida hiyo. Kama 16 ni asilimia 60 ya wote, basi wenye taifodi walikuwa kama 27, na 11 walipotea. Widal ingewanasa 8 kati ya hao 11, na chanya za kweli zingekuwa 20 kati ya 45. Ni asilimia 44. Bado ni chini ya nusu.

Wakazi wa Dar es Salaam wenye kumbukumbu watasema haya yamewahi kutupata, na kweli yametupata, kwa ugonjwa mkubwa zaidi. Mwaka 2011 kilichapishwa kipimo cha vipimo vyenyewe: watafiti walichukua slaidi za malaria zilizosomwa kama kawaida katika hospitali, vituo vya afya na zahanati za jiji hili, wakazipeleka kwa wataalamu wazisome upya. Wasomaji wa kawaida waliona malaria katika asilimia 53 ya slaidi. Wataalamu waliiona katika asilimia 2.

Usomaji wa kawaida uliwanasa asilimia 71 ya wenye malaria, na kuwaachia asilimia 47 tu ya wasio nayo. Piga ile hesabu ya nguvu: 71.4 kugawa kwa 52.7 ni 1.35. Kipimo chenye nguvu ya moja hakisemi kitu, kwani ukizidisha kwa moja unabaki ulipokuwa. Hiki cha 1.35 ni kama mbwa wa getini anayemfokea mwizi, mama ntilie na mwenye nyumba kwa sauti ileile. Mgonjwa aliingia na asilimia 2 akatoka na karibu asilimia 3: kati ya watu mia walioandikiwa "malaria", watatu hivi ndio waliokuwa nayo.

Jinsi ya kujua kwamba usomaji umeharibika ilikuwa imeandikwa kwenye daftari lenyewe la maabara. Idadi ya wadudu waliyoiandika wasomaji wa kawaida ilikuwa ndogo ajabu, katikati yake wadudu watatu tu kwa kila seli nyeupe 200. Malaria inayomlaza mtoto wa mjini asiye na kinga kwa kawaida haiji na wadudu watatu. Punje za rangi iliyoganda kwenye kioo ndizo huja mbili mbili, tatu tatu.

Kwa nini fundi alione tone la rangi akaliita mdudu? Sehemu ya jibu ni kwamba alitarajia kumwona. Alisomea kazi wakati ambapo homa ilikuwa malaria hadi ithibitike vinginevyo, na mwongozo wa kutibu watoto ulisema hivyohivyo. Wakati huo P(T) ya malaria ilikuwa kubwa kweli. Kisha jiji likabadilika: nyumba zikaongezeka, vyandarua vikaingia, na mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ikaanza kumwagwa katika kata chache za mwanzo, Buguruni, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ya Mandela, ikiwa mojawapo. Malaria ikashuka mjini, lakini makadirio ndani ya vichwa vya watabibu na mafundi yakabaki pale yalipokuwa. Kigoma mambo ni tofauti. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani humo walikutwa na malaria, hapa Dar mmoja hivi katika mia. Daktari aliyehamishwa kutoka Kasulu, Kigoma, kuja Tabata inampasa abadilishe namba ya kuanzia siku anaposhuka kwenye basi.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile kidude cha plastiki chenye mistari, kilipoletwa katika vituo vya jiji, dawa za malaria zilishuka kwa kasi: kutoka robo tatu ya wagonjwa waliokuwa wakiandikiwa hadi mmoja kati ya watano. Ni ushindi, na ulistahili. Ila watafiti walihesabu pia antibayotiki katika vituo hivyohivyo, nazo zikapanda kutoka asilimia 49 ya wagonjwa hadi 72. Tabibu aliyenyimwa malaria alitafuta jina jingine la homa. Nadhani hapo ndipo taifodi ya mitaani ilipopata nafasi: kipimo kipo, ni cha bei ndogo, kinatoa jibu ndani ya dakika, na mara nyingi jibu hilo ni chanya.

Na kupona baada ya sipro? Homa nyingi za virusi huisha zenyewe ndani ya siku tatu hadi saba. Asiye na taifodi aliyeanza dozi siku ya pili atapona siku ya tano kama ambavyo angepona kwa panadoli na maji, na atamsimulia jirani kwamba dawa ilimfaa. Upo hata ushahidi wa kinyume: taifodi ya kweli, hata ikitibiwa sawasawa, kwa kawaida huchukua siku nne au tano au zaidi kabla homa haijakata. Aliyepona kesho yake asubuhi baada ya kidonge cha kwanza ameongeza sababu ya kutilia shaka karatasi yake.

Kwa anayekaa mbele ya daktari akiwa na karatasi hiyo mkononi, kuna swali moja la kuuliza kwa adabu, na daktari mzuri hatalichukia: "Dokta, kabla ya hiki kipimo, kwa dalili zangu, ulikuwa unafikiri nina taifodi?" Akisema ndiyo na akaeleza kwa nini, chanya ile ina uzito. Akisema hakuwa ameifikiria, basi karatasi imekuja kuifikiria badala yake. Na kama shaka ni kubwa na homa haishuki, omba rufaa ya kwenda kuotesha damu kwenye hospitali kubwa yenye maabara inayofanya hivyo. Majibu huchukua siku kadhaa, na mtu mzima huchukuliwa damu nyingi kuliko alivyozoea kutolewa zahanati, kwa kuwa bakteria wachache hawapatikani kwenye damu kidogo. Damu hiyo itolewe kabla ya kidonge cha kwanza cha antibayotiki, maana baada ya hapo hata mwenye taifodi anaweza asioteshe kitu.